Yanatosha, yanakidhi, yanaridhisha: kupanga maneno ya kupima katika ripoti ya ukaguzi wa shule

Ninyi mnaoanza kazi ya uthibiti ubora mtaandika neno "kutosha" na ndugu zake kuliko neno lingine lolote. Madawati yanatosha, vitabu vinatosheleza, vyoo vinakidhi, ufundishaji unaridhisha, eneo la michezo ni maridhawa. Wengi huyachukulia kuwa ni kitu kimoja na kuyabadilisha ili ripoti isirudierudie. Hapo ndipo ripoti inapoharibika, kwa sababu kila neno lina kiwango chake cha sifa, na msomaji wa ripoti hupanga fedha na hatua kwa kulifuata neno hilo.

Nitaanza na lenye sifa ndogo nipande hadi lenye sifa kubwa, na mfano wangu utakuwa shule moja ya msingi ya kubuni yenye wanafunzi 620 kuanzia Darasa la Kwanza hadi la Saba, wasichana 320 na wavulana 300.

"Yanatosha" liko chini kabisa. Halisifu kitu. Linasema tu kwamba idadi iliyopo imefikia idadi inayohitajika. Kwa hiyo kabla ya kuliandika lazima uwe na namba mbili mkononi, iliyopo na inayohitajika. Tuchukue madawati. Dawati la kawaida la shule ya msingi hukaliwa na wanafunzi watatu, hivyo 620 wanahitaji madawati 207. Leja ya vifaa inaonyesha 214. Mthibiti mwenye haraka ataandika "madawati yanatosha" na kufungua ukurasa wa pili. Sasa zunguka darasa hadi darasa uhesabu yanayokalika. Nyuma ya darasa moja yamerundikwa mabovu, mengine yamekatika mguu, mengine hayana ubao wa kukalia, na jumla yake ni 31. Yanayobaki ni 183, yaani nafasi za watoto 549. Watoto 71 hawana pa kukaa, na shule ina upungufu wa madawati 24. Kwenye leja yanatosha, darasani hayatoshi, na ripoti yako ni ya darasani.

Neno hili lina hatari nyingine inayotokana na mazungumzo ya kila siku. Mtu akisema "tumekula vya kutosha" anamaanisha wameshiba sana. Mwalimu mkuu akisoma "vitabu ni vya kutosha" anaweza kulisikia hivyo, kwamba vimejaa. Kwa sababu hiyo mimi hupendelea kitenzi, "vinatosha", na huweka uwiano palepale: "Vitabu vya kiada vya Hisabati Darasa la Tano vinatosha kwa uwiano wa 1:1." Hapo hakuna nafasi ya kuongeza chumvi.

"Vinatosheleza" linapanda hatua moja. Hili halikai peke yake, linadai lisemwe linatosheleza nini. Vitabu 84 kwa wanafunzi 84 vinatosha. Lakini kama vimefungiwa kabatini ofisini na mwalimu hutoa 20 tu kwa kipindi kwa kuogopa visichanike, basi havitoshelezi mahitaji ya ujifunzaji, kwa kuwa mtoto hana kitabu mbele yake wakati wa zoezi. Ukiandika "vinatosheleza", unathibitisha kwamba kitu kipo na kinafanya kazi iliyokusudiwa. Huwezi kulijua hilo kwa kusoma leja. Kaa darasani uangalie vitabu vikigawiwa, kisha fungua madaftari ya wanafunzi uone kama mazoezi ya kitabuni yanafanywa. Kitabu ambacho kurasa zake bado zimeshikana mwezi wa nane kinakuambia kila kitu.

Juu ya hapo kuna "yanakidhi". Neno hili linabeba ubora pamoja na idadi, na linarejea kiwango kilichoandikwa mahali. Kwa vyoo vya shule Tanzania, kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yetu inahitaji matundu 16 ya wasichana na 12 ya wavulana, na ndivyo yalivyo. Yanatosha kwa idadi. Je, yanakidhi? Ingia uangalie. Milango miwili upande wa wasichana haina komeo, hakuna maji ya kunawa mikono, na hakuna chumba cha kujisitiri kwa wasichana walio katika hedhi. Jibu ni kwamba hayakidhi, ingawa hesabu imekaa sawa. Sentensi yangu ingekuwa hivi: "Matundu ya vyoo yanatosha kwa idadi (wasichana 16, wavulana 12) lakini hayakidhi viwango vya usafi na faragha kwa wasichana." Ndani ya sentensi hiyo maneno mawili yanafanya kazi mbili tofauti, na kamati ya shule inajua mara moja kwamba haihitaji kuchimba shimo jipya, inahitaji komeo, maji na chumba.

Andika "inakidhi" pale tu unapoweza kutaja kiwango. Kama hakuna kiwango kilichowekwa, kwa mfano juu ya ukarimu wa walimu au uchangamfu wa watoto, neno hilo halina mguu wa kusimamia.

Sasa tumefika kwenye "kuridhisha", neno linaloleta mabishano mengi kuliko yote. Tofauti yake na matatu yaliyotangulia ni kwamba halipimi vitu, linapima kazi ya watu. Hatusemi madawati yanaridhisha. Ufundishaji unaridhisha, usimamizi unaridhisha, mahudhurio yanaridhisha. Na anayeridhika ni wewe mthibiti, kwa hiyo unawajibika kusema umeridhishwa na nini. Mwalimu ana azimio la kazi na andalio la somo, anauliza maswali, madaftari yamesahihishwa, lakini wanaojibu ni walewale wa mstari wa mbele na waliokosea zoezi hawakurudiwa. Somo kama hilo linaridhisha. Lina msingi wake, halina kasoro ya kulisimamisha, na bado halijafikia kuitwa zuri.

Ugumu uko hapa. Katika maelezo ya kawaida "ya kuridhisha" linasikika kama pongezi, na ni la joto kuliko "inakidhi". Lakini kwenye jedwali la madaraja, juu yake kuna "nzuri" na "nzuri sana". Mwalimu mkuu anasoma aya anafurahi, anageukia jedwali anaona yuko daraja la kati au chini ya kati, na anahisi amedanganywa. Hakudanganywa, ila neno moja limetumika kwa mizani miwili. Ninachofanya ni kuliacha "kuridhisha" liwe jina la daraja peke yake. Kwenye aya za maelezo naeleza nilichokiona bila kulitumia, kisha mwisho wa sehemu naandika daraja. Ukifanya hivyo, neno linabaki na maana moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Wenzetu wa mbali wamelipitia jambo hilihili. Ofsted, chombo cha ukaguzi wa shule cha Uingereza, kilikuwa na madaraja manne, na la tatu lilikuwa "ya kuridhisha". Mwaka 2012 kililifuta na kuweka "inahitaji kuboreshwa". Shule zilikuwa zikikaa kwenye "ya kuridhisha" ukaguzi baada ya ukaguzi bila kusogea, kwa kuwa neno lenyewe halikumsukuma mtu. Scotland wao wana ngazi sita, na "ya kuridhisha" ni ya tatu kutoka chini, juu yake zikiwa nzuri, nzuri sana na bora kabisa. Wales walikuwa na madaraja manne, na la tatu lao liliunganisha mawili kwa pamoja: linakidhi na linahitaji kuboreshwa. Nalipenda wazo hilo la Wales, kwa sababu linamnyima msomaji nafasi ya kushika nusu ya kwanza na kuiacha ya pili. Kwa mthibiti wa kwetu lenye faida hapo ni hili: kabla ya kuamua neno lina sifa kiasi gani, angalia limewekwa chini ya maneno gani kwenye mizani unayoitumia.

Juu kabisa kuna "maridhawa", au kama ofisi yako haijalizoea, "ya kutosha na ziada". Hili linasema kipo zaidi ya kinachohitajika, na kwa rasilimali ndilo lenye sifa kubwa kuliko yote. Linafaa kwa eneo la shule, viwanja, vitabu vya ziada na maji. Lisitumike kwa ufundishaji, maana hakuna somo maridhawa. Na kila unapoliandika, fuatilia ziada inakwenda wapi. Shule yenye vitabu 130 vya Kiswahili kwa wanafunzi 84 ina ziada ya 46, na huenda shule jirani katika kata hiyohiyo watoto watatu wanashika kitabu kimoja. Andika ziada hiyo kwa namba, ili Afisa Elimu Kata aweze kuihamisha.

Ukanushi una mpangilio wake, na haufuati ule wa kupanda. "Hayatoshi" ni laini. Linaelekeza macho kwenye bajeti, na hakuna mtu anayejiona ameshtakiwa. "Hayakidhi" ni zito zaidi, kwa sababu kuna kiwango kimevunjwa na mtu anaweza kuulizwa. "Hairidhishi" ndilo kali kuliko yote, kwa kuwa linamgusa mtu na kazi yake. Nimesoma ripoti zilizoandikwa "hali ya vyumba vya madarasa hairidhishi" kwa shule yenye vyumba 9 na wanafunzi 620, yaani wastani wa watoto 69 kwa chumba, wakati kiwango ni 45. Mwalimu mkuu anabeba lawama ya vyumba ambavyo hana fedha ya kuvijenga. Inayofaa ni "vyumba 9 havitoshi, vinahitajika 14, upungufu ni 5". Mkurugenzi wa halmashauri akiisoma, anajua ni jambo lake.

Kinyume chake nacho hutokea, na kinadhuru zaidi. Mahudhurio ya walimu ni mabovu, mthibiti anaona haya kusema, anaandika "mahudhurio ya walimu hayatoshelezi". Hapo kosa la watu limevikwa nguo ya upungufu wa vifaa, na halmashauri inaweza kujibu kwa kuahidi walimu zaidi, huku waliopo hawaingii darasani. Kama daftari la mahudhurio linaonyesha vipindi havifundishwi, yape mahudhurio daraja la "hairidhishi", utaje wiki ulizokagua na vipindi vilivyopotea. Pia epuka viungo kama "kwa kiasi fulani" na "kwa kiasi cha kuridhisha". Vinaondoa makali ya kila neno lililo mbele yake, na mwalimu mkuu akikuuliza katika kikao cha mrejesho ni kiasi gani, hutakuwa na jibu.

Kabla ya kukabidhi rasimu, pitia ripoti nzima ukitafuta mzizi wa "tosh", "kidhi" na "ridh", kisha kwa kila ulipoukuta uliza namba, kiwango au ushahidi wake uko sentensi ipi. Usipoupata ndani ya aya hiyohiyo, rudi kwenye daftari lako la shuleni. Kama na humo haumo, lifute neno hilo na uandike tu ulichokiona.