Kutia mpini mpya kwenye nyundo na kuukaza kwa kabari

Nyundo nyingi zinazoletwa karakanani kwangu hapa Morogoro huwa zimepigiliwa misumari juu ya mpini, mingine imepinda, na kichwa bado kinacheza. Mwenye nyundo huamini kwamba misumari ni michache. Hata ukiiongeza haitasaidia, na ukitazama ndani ya tundu la nyundo utaona kwa nini.

Chukua kichwa kisicho na mpini, kielekeze kwenye mwanga, kisha pitisha kidole ndani. Utahisi kwamba tundu ni pana upande wa chini, pale mpini unapoingilia, linabana katikati, halafu linapanuka tena kuelekea juu. Mpini huingia kwa chini hadi ukabana kwenye kile kiuno. Kabari ikipigwa juu, inautanua mpini mpaka unajaza ule upana wa juu. Hapo kichwa hakina pa kwenda: chini kuna mpini ulio mnene kuliko tundu, na juu mpini umeshakuwa mpana kuliko kiuno. Msumari ni mwembamba na wa mviringo. Unasukuma mbao kidogo tu pale ulipopita, sehemu nyingine zinabaki na nafasi, na mara nyingi unaanzisha ufa unaoshuka hadi chini ya kichwa, ambako mpini utakuja kukatikia.

Nitaeleza kwa nyundo moja niliyoifanyia kazi karibuni, ya fundi kijana anayepiga paa. Ni nyundo ya kawaida ya seremala, yenye kucha za kung'olea misumari, kichwa cha wakia 16, yaani kama gramu 450. Aliponikabidhi aliniambia, "Mzee, mimi nitakitupa kichwa jikoni usiku, mpini uungue, asubuhi nikuletee kitupu." Nikamwambia, "Usikitie moto, kijana wangu, utaharibu nyundo."

Mafundi wengi hufanya hivyo, na ndiyo maana nalikazia. Uso wa nyundo umetiwa ugumu kiwandani kwa joto lililopimwa. Chuma kikirudi motoni na kufikia nyuzi joto 300 hivi, pale kinapogeuka rangi ya buluu, ule ugumu unapungua. Makaa ya jikoni hupita joto hilo bila shida. Nyundo itaonekana nzima, lakini baada ya muda uso utaanza kubonyea kila unapogonga msumari, na kingo zake zitafumuka. Njia salama ni kuukata mpini wa zamani kwa msumeno karibu na kichwa, kukibana kichwa kwenye jiliwa, kutoboa matundu mengi kwa drili kwenye mbao iliyobaki ndani, halafu kuisukuma kwa kipande cha nondo. Sukuma kutoka chini kwenda juu, kwa sababu juu ndiko kabari ilikoitanua mbao. Misumari iliyomo ing'oe kwanza kwa koleo, isije ikavunja ncha ya drili.

Kwa mpini mpya napenda mti wa mpera au mkole. Yote miwili ni migumu lakini inanepa, haikatiki ghafla. Usichukue tawi jembamba zima lenye kiini katikati, kwa kuwa likikauka hupasuka kuanzia kwenye kiini. Chukua gogo nene kidogo ulipasue kwa shoka. Mpasuko hufuata nyuzi za mti zenyewe, kwa hiyo unapata kipande ambacho nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyuzi zikikatiza mpini kwa mshazari, hapo ndipo utakapovunjika. Halafu tazama kitako cha kipande. Mistari ya pete za mti ikionekana, ipange ielekee upande wa uso wa nyundo na kucha, ilale sambamba na urefu wa kichwa.

Jambo linaloamua kama kazi itadumu ni ukavu wa mti. Mti mbichi ukikauka husinyaa kwa unene, wala hausinyai kwa urefu kiasi cha kuonekana. Unene ndio unaobana ndani ya tundu, kwa hiyo mpini mbichi utalegea hata ungeukaza vipi. Mimi huchonga vipande vinene kuliko vinavyohitajika na kuviweka darini kivulini miezi mingi. Kujua kama kimekauka, kipime kwenye mizani ya dukani, andika uzito kwa penseli kwenye mbao yenyewe, kisha kipime tena baada ya wiki. Kikiwa bado kinapungua uzito, bado kina maji. Na mpini uliokauka kwa kiwango cha Tanga ukipelekwa Dodoma kiangazi utasinyaa tena kidogo, kwa sababu hewa ya kule ni kavu zaidi. Fundi anayehamahama na kazi aukague mpini wake anapofika.

Sasa kuoanisha mpini na tundu, na hapa usiwe na haraka. Chonga ncha ya mpini kwa tupa ya mbao ifuate umbo la tundu, ibaki nene kidogo tu kuliko linavyotaka. Kisha chukua masizi chini ya sufuria kwa kidole, ukapake ndani ya tundu pande zote. Ingiza mpini kwa mkono, gonga kidogo, utoe. Mbao itakuwa na madoa meusi pale ilipogusa chuma. Futa kwa tupa yale madoa peke yake, usiguse mahali pengine, halafu ingiza tena. Mwanzoni utaona madoa mawili au matatu makali upande mmoja, dalili kwamba mpini umekaa upande au umepinda. Ukiendelea, madoa yanaenea na kuwa mepesi, mpaka weusi unazunguka mpini wote. Hapo unajua mbao inagusa chuma kila mahali, na huwezi kulijua hilo kwa macho tu.

Kila mara unapoingiza, tazama pia unyoofu. Shika nyundo mbele ya jicho moja kama anayelenga, uone kama uso na kucha zimelingana na katikati ya mpini. Ukiacha upinde sasa, kabari itaufunga hapo hapo.

Katika kuingiza kwa mara ya mwisho, usikiweke kichwa juu ya kitu na kukigonga. Shika mpini wima mkononi, kichwa kikiwa chini kinaning'inia hewani, halafu gonga kitako cha mpini kwa nyundo ya mbao. Kwa uzito wake kichwa kinabaki nyuma huku mpini ukishuka, hivyo kila pigo kinapanda juu ya mpini. Kwa watu wengi jambo hili ni gumu kuamini mpaka walione. Usitumie nyundo ya chuma kugonga kichwa cha nyundo nyingine, maana nyuso ngumu zikikutana huruka vipande vinavyoweza kuingia machoni. Simama pale chuma kinapoanza kukwangua nyuzi nyembamba za mbao zinazojikunja chini ya kichwa, na mpini umetokeza juu kama milimita 5.

Mfereji wa kabari ukate kabla ya kuingiza kwa mara ya mwisho. Pitisha msumeno katikati ya ncha ya mpini, kwa kufuata urefu wa tundu, yaani kutoka upande wa uso kwenda kwenye kucha. Kina chake kiwe kama theluthi mbili za kina cha tundu. Nyundo ya yule kijana ilikuwa na tundu la milimita 40 hivi, nikakata 27. Ukikata kifupi, mbao haitatanuka vya kutosha. Ukikata hadi chini ya kichwa, umeanzisha ufa mahali pabaya.

Kabari yenyewe ichonge kwa mti mgumu uliokauka vizuri. Upana wake ulingane na urefu wa tundu kwa juu, na unene upungue taratibu, milimita 6 kwa kichwani hadi karibu 1 kwenye ncha. Kisha pima jambo moja ambalo wengi hawalipimi: kabari isifike chini ya mfereji kabla haijabana. Ikigonga chini mapema, utaisikia imekuwa ngumu na kudhani umemaliza, kumbe mbao haijatanuka. Kwa hiyo niliikata ncha yake ili kabari iwe fupi kuliko mfereji kwa milimita chache. Paka gundi ya mbao kidogo ukipenda. Inasaidia kabari isirudi, ila haiwezi kufidia kabari iliyochongwa vibaya.

Igonge polepole, kila pigo likutane na kichwa cha kabari sawasawa. Mwanzoni sauti ni ya mbao tu, nzito, na kabari inazama. Baadaye sauti inakuwa kali, na kabari inashuka kwa shida hadi inasimama. Acha hapo. Ukiendelea kwa nguvu itapasuka kichwani, na kipande kilichobaki ndani hakitashuka tena. Tazama pembeni mwa tundu: mbao inatakiwa iguse chuma pande zote mbili, pasionekane mwanya. Kata kabari kwa msumeno, uache mpini na kabari vitokeze juu ya chuma kwa milimita 3. Kile kinachotokeza kinapanuka kidogo kuliko tundu, nacho kinasaidia kuzuia kichwa kisitoke.

Nyundo ya kijana haikuhitaji kabari ya chuma. Nyundo kubwa ya kupasulia mawe naiongezea moja, bamba dogo linalopigwa kwa mshazari kukatiza kabari ya mbao, lakini kwa kichwa cha gramu 450 hatari ya kupasua mpini ni kubwa kuliko faida.

Kabla hajaondoka nilichora mstari wa penseli kuzunguka mpini, ukigusa ukingo wa chini wa kichwa. Kichwa kikianza kupanda, mwanya utaonekana kati ya chuma na mstari muda mrefu kabla ya mkono kuhisi kinacheza. Hapo asimame kazi, asubiri mpini ukazwe upya.

Aliniuliza kama aiweke kwenye ndoo ya maji ikilegea, kama wanavyofanya wenzake. Maji huvimbisha mbao, kwa hiyo nyundo itakaza kwa siku hiyo. Lakini mbao inayovimba ndani ya chuma haina pa kwenda, nyuzi zake zinagandamizwa na kubaki hivyo. Ikikauka inakuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa kabla ya kulowekwa, na nyundo inalegea zaidi. Mafuta ya linsidi yaliyopakwa juu ya ncha ya mpini yanafaa zaidi, kwa sababu yanapunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka. Tambara ulilopakia litandaze nje likauke, usilikunje na kulitupa kwenye kona, kwa kuwa mafuta hayo yanapokauka hutoa joto na tambara linaweza kuwaka lenyewe.

Kuna kichwa kimoja tu nisichokubali kukitia mpini: chenye ufa kwenye ukuta wa tundu. Kifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha kikaushe. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa yatajitokeza tena kama mstari mwembamba wa unyevu. Ukiuona mstari huo, kipeleke kwa wanaonunua vyuma chakavu, kwa sababu kabari ndiyo itakayokipasua.