Bibi anaitikia marahaba, kumbe hajasikia

"Bibi yangu hasikii vizuri. Kwenye simu anaitikia marahaba, tukiagana anasema haya, kumbe saa ya mimi kufika hakuipata. Nifanyeje?"

Marahaba isikudanganye, hiyo hutoka yenyewe akishajua kuna mtu anamwamkia. Anza na jina lako, nyamaza, usubiri akutaje. Ndipo useme shikamoo, kisha muulize jambo lisilojibika kwa "nzuri": "Bibi, mchana mmekula nini?" Akijibu "hatujambo", bado hajakupata.

Wapo watakaokushauri upige kelele, nao wana nusu ya ukweli. Sauti iwe na nguvu kidogo, lakini ukifoka maneno huvurugika kwenye simu. Sema taratibu. Masikio ya uzee mara nyingi hupoteza kwanza sauti nyembamba kama s, f na t, kwa hiyo "sita" na "tisa" zinaweza kumfikia karibu sawa. Babu yangu nilimwambia saa tisa, akanisubiri stendi juani tangu saa sita. Siku hizi namwambia "baada ya swala ya alasiri". Asipoelewa, badilisha maneno, usirudie yaleyale.

Kuaga usikurupuke. "Bibi, sasa naaga. Nakuja lini?" Aseme yeye mwenyewe, "haya" peke yake haitoshi. Baada ya kwaheri usiongeze habari mpya, na mwache yeye akate simu.

Kumpa jirani ujumbe pia husaidia, ingawa shangazi yangu anaona ni kumvunjia mzee heshima. Hilo hatujakubaliana.