Orodha ya malengo kwenye andiko la mradi: kila kipengele kisomeke vizuri na sentensi iliyokitangulia

Maandiko mengi ya miradi ninayosaidia kuyapitia hapa Moshi yanatoka kwenye vikundi vya wakulima wa mlimani, na sehemu ninayoanza nayo ni orodha ya malengo mahsusi. Orodha hiyo ikiwa imekaa ovyo, mara nyingi mradi wenyewe haujapangika vizuri. Chukua mfano wa kikundi cha akina mama 30 wanaotaka kufufua mashamba ya kahawa. Rasimu yao ilisomeka hivi:

Mradi huu unalenga:
- Kupanda miche 3,000 ya kahawa chotara
- Mafunzo ya kupogolea na kudhibiti ugonjwa wa chulebuni
- Wanakikundi watapata mashine ya kumenya kahawa
- Kipato kuongezeka

Soma sentensi ya juu, kisha uiunganishe na kila kipengele peke yake. "Mradi huu unalenga kupanda miche" inakaa. "Mradi huu unalenga wanakikundi watapata mashine" haisomeki kabisa. Wengi wakifika hapa hukimbilia kubandika "ku" mbele ya kila kipengele: kupanda miche, kutoa mafunzo, kupata mashine, kuongeza kipato. Sasa orodha inapendeza machoni, lakini jiulize nani anafanya nini. Anayepanda ni mkulima. Anayetoa mafunzo ni mtaalamu. Anayepata mashine ni kikundi. "Ku" inamficha mtendaji, kwa hiyo vipengele vinaweza kufanana sura huku kila kimoja kina mwenyewe. Afisa maendeleo ya jamii anayekagua andiko atakwama hapo hapo, maana hajui amdai nani nini.

Dawa yake ni kumtaja mtendaji kwenye sentensi ya juu. Tuliandika: "Mradi ukikamilika, kila mwanakikundi ataweza:" halafu tukaangalia ni vipengele gani vinaikubali. Vilibaki vitatu:

- kutunza miche 100 ya kahawa chotara shambani kwake;
- kupogolea mikahawa na kutambua dalili za chulebuni mapema;
- kumenya kahawa yake kwenye mashine ya kikundi.

Mafunzo hayakuingia, kwa sababu hayo ni shughuli. Kununua mashine nako ni shughuli. Vyote viwili vilihamia kwenye orodha ya shughuli, ambayo mtendaji wake ni kikundi: kununua miche, kuendesha mafunzo, kununua na kufunga mashine. Vikihamia huko, bajeti nayo inarahisika, kwa kuwa kila shughuli inapata mstari wake wa gharama.

Mama mweka hazina aliona kipato hakipo, akauliza, "Mwanangu, mbona kipato umekitoa? Si ndicho tunachokitafuta?"

"Mama, hakijatoka. Nimekipandisha juu, ndilo lengo kuu. Haya matatu ndiyo yatakayotufikisha."

Ndiyo maana nasisitiza jambo hili. Kipengele kinachokataa kulingana na wenzake mara nyingi si kibovu, kimekaa orodha isiyo yake. Kabla hujakilazimisha, tafuta kwao.

Orodha ya matokeo inataka umbo tofauti. Hapo unaandika kana kwamba mradi umeshaisha: miche 3,000 imepandwa, wanakikundi 30 wamefunzwa, mashine moja imefungwa na inatumika. Umbo la "-me-" linamwezesha mkaguzi kusimama shambani na kujibu ndiyo au hapana. Ukichanganya "imepandwa", "watafunzwa" na "kufungwa kwa mashine", moja limeshatokea, jingine ni ahadi, la tatu halisemi limefikia wapi.

Kwenye wasifu wa kazi mambo ni mafupi zaidi. Kijana anayeomba kazi kwenye hoteli za Arusha ataandika chini ya kazi yake ya zamani: "Kupokea wageni", "Nilisimamia stoo", "Usafi wa vyumba". Mwajiri hawezi kujua kama hayo ni majukumu aliyopewa au kazi alizozifanya. Andika yote kwa "nili-": nilipokea wageni, nilisimamia stoo, nilisafisha vyumba. Kazi unayoifanya sasa iandike kwa "na-". Hizo nyakati mbili zikiwa chini ya kazi mbili tofauti hakuna kosa lolote. Kosa ni kuzichanganya chini ya kazi moja bila sababu. Na sifa kama "mchapakazi" usiziweke katikati ya orodha hiyo, hazisemi ulifanya nini.

Kabla ya kupeleka karatasi, chukua kalamu upigie mstari neno la kwanza la kila kipengele, kisha soma maneno hayo tu kutoka juu kwenda chini. Ukimaliza, andika pembeni ya kila kipengele jina la anayekifanya. Neno likigeuka umbo, au jina likibadilika, rudi kwenye kipengele hicho.