Re: Kosa au mtindo?

"Nahariri hadithi ya rafiki yangu. Sentensi nyingine zinanikwaza, lakini naogopa kumfutia sauti yake. Nitajuaje?"

Ndugu, anza kwa kuuliza ni nani anayesema. Mhusika wa Nairobi akisema "gari yangu imeharibika", mwache. Watu huongea hivyo. Lakini msimulizi aliyeandika "gari lake lilizimika" ukurasa wa 3, kisha "gari yake" ukurasa wa 5 bila sababu, ameteleza. Rekebisha.

"Kitabu ambacho nilichokinunua" ni kosa kwenye usimulizi: kirejeshi kimewekwa mara mbili. Chagua "ambacho nilikinunua" au "nilichokinunua". Ila "akatembea, akatembea, akatembea" usiiguse, hata kama inakuchosha (mimi huchoka haraka). Marudio hayo yanaonyesha urefu wa safari. Jaribu kufuta mawili, uone safari inavyofupika.

Pagumu ni hapa: "Juma alimwambia Ali kwamba baba yake amefika." Sarufi haina kasoro, ila baba wa nani? Kama fumbo halikukusudiwa, msomaji atapotea. Hapo mimi sibadilishi, naandika pembeni: "Baba wa Juma au wa Ali?" Mwandishi ndiye ajibu.