Chumvi kwenye jasho, ugonjwa kwenye mapafu

Swali: Shikamoo daktari. Tuko Maskati. Mpwa wangu wa miaka 4 ameambiwa ana sistiki faibrosisi. Kipimo cha jasho kilitoka 96, cha jeni kikaonyesha hitilafu ya jeni iitwayo S549R kutoka kwa baba na kwa mama. Kama chumvi imezidi kwenye jasho, mbona kinachougua ni mapafu? Na hizi dawa ni za maisha?

Jibu: Marahaba. Jeni hiyo hutengeneza protini iitwayo CFTR, ambayo ni mlango wa kloraidi kwenye ukuta wa seli. Mlango ni ule ule, ila kwenye jasho na kwenye mapafu kloraidi hupita kwa mwelekeo tofauti. Jasho likianza kutengenezwa ndani ya tezi huwa na chumvi nyingi kwa kila mtu. Linapopanda kuelekea juu ya ngozi, CFTR huirudisha kloraidi mwilini. Mlango usipofunguka, chumvi hubaki kwenye jasho, na ndiyo maana kipimo cha milimoli 60 kwa lita au zaidi hutosha kutuelekeza kwenye ugonjwa huu.

Kwenye njia za hewa, seli hutumia mlango huo kuitoa kloraidi nje, na maji huifuata. Maji hayo ndiyo yanayolainisha ute ili vijinywele vidogo vya njia ya hewa viusukume hadi kooni, pamoja na vumbi na bakteria tunaowavuta kwa pumzi. Kwa mpwa wako kloraidi haitoki, maji hayatoki, ute unakuwa mzito na kung'ang'ania, na vijinywele vinalala chini yake. Bakteria ambao kwa mtoto mwingine wangeondolewa mapema, kwake wanapata makazi.

Hapo mwili hutuma chembe nyeupe za damu, ambazo zikishindwa kuwafikia bakteria waliojificha kwenye ute hufa papo hapo. Zikipasuka humwaga DNA yake inayonata, makohozi yakazidi kuwa mazito, na vimeng'enya vyake hula kuta za mirija ya hewa. Mirija hutanuka na kulegea, ikahifadhi ute zaidi. Kovu hilo halirudi nyuma, kwa hiyo matibabu hayangoji mtoto azidiwe.

Kila siku, hata akiwa mzima, kifua kinasafishwa, na mpangilio una sababu. Kwanza avute salbutamoli ifungue mirija, kwa kuwa maji ya chumvi ya asilimia 7 yanayofuata kwenye nebulaiza huweza kuibana. Chumvi hiyo huvuta maji kwenye ute. Kisha mazoezi ya kifua ya kuutoa. Antibaiotiki ya kuvuta, kama ameandikiwa, huja mwisho ili iguse mirija iliyosafishwa. Wengine huongezewa donasi alfa, ambayo hukata ile DNA ya chembe zilizokufa. Saa yake daktari wenu atawapangia. Vifaa vya nebulaiza vioshwe kila baada ya matumizi, viuliwe vijidudu na vikaushwe kabisa, kwa sababu bakteria aitwaye sudomonasi hupenda majimaji.

Sudomonasi ndiye bakteria ninayemwogopa zaidi. Kwa kawaida makohozi huoteshwa maabara kila miezi mitatu. Mtoto wa miaka 4 huyameza, hivyo huchukuliwa sampuli ya kooni kwa usufi akiwa anakohoa. Sudomonasi akionekana mara ya kwanza hushambuliwa papo hapo hata kama mtoto anacheza, mara nyingi kwa tobramaisini ya kuvuta miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa siku 28. Akiachwa hujifunika utelezi wake mwenyewe, na baada ya hapo kumng'oa ni nadra. Kikohozi kilichobadilika, hamu ya kula kupungua au uzito kusimama viwapeleke kliniki hata bila homa.

S549R inayo habari njema. Kwenye F508del, hitilafu iliyozoeleka zaidi Ulaya, protini nyingi haifiki hata kwenye ukuta wa seli. Kwa mpwa wako inafika, ila haifunguki. Dawa iitwayo ivakafto huifungua. Hunywewa kila saa 12 pamoja na chakula chenye mafuta, na ini hupimwa mara kwa mara. Ni ghali mno, na ikiachwa mlango hufunga tena. Kwa hiyo ndiyo, ni ya maisha. Ulizeni kliniki yake kuhusu dawa hii. Isipopatikana, huduma niliyoeleza hapo juu ndiyo tegemeo.

Kongosho nalo huziba kwa ute wake. Kinyesi kikiwa cha mafuta na chenye harufu kali, anahitaji vidonge vya vimeng'enya vya kusaga chakula kwa kila mlo, na vitamini A, D, E na K.

Na kwa joto la Maskati, anapoteza chumvi nyingi kwa jasho. Muulizeni daktari wake kiasi cha kumwongezea wakati wa kiangazi. Akilegea, akitapika na kukataa kula siku ya joto kali, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, mkawaambie ana ugonjwa huu ili wapime chumvi za damu.