Bomba, pampu na kisima: orodha ya istilahi kwa anayetafsiri na chatboti

Ukianza kazi ya tafsiri hapa Dodoma, hutakaa sana kabla hujakabidhiwa mwongozo wa maji. Vijiji vingi vya Bahi na Chamwino vinategemea maji ya chini ya ardhi, na miongozo ya kuendesha visima huja kwa Kiingereza, kurasa themanini hivi. Siku hizi wengi wetu tunaipitisha kwanza kwenye chatboti, kisha tunahariri. Kila ukurasa ukiusoma peke yake hauna shida. Kasheshe huanza ukiziunganisha sura: ya 2 inasema kisima kirefu, ya 5 kisima cha kuchimba, ya 7 kisima tu. Fundi wa kijijini atadhani anaambiwa habari za vitu vitatu.

Chatboti huchagua neno upya kila linapojitokeza. Ukifungua mazungumzo mapya, kwa kawaida haina habari na mliyokubaliana jana. Na hata katika mazungumzo yaleyale, agizo la mwanzo hupoteza nguvu maandishi yakishakuwa mengi. Kwa hiyo orodha ikae kwenye faili lako mwenyewe, na ubandike upya sehemu inayohusika kila unapotuma kipande.

Usiorodheshe kila neno gumu. Soma waraka wote kwanza, uchukue yale yanayojirudia na yanayoweza kuchanganywa. Kwa mwongozo wa namna hii, istilahi thelathini au arobaini zinatosha. Kila mstari uwe na neno la asili, tafsiri yake pamoja na upatanisho, maana katika waraka huu, na neno lililokatazwa:

```
borehole | kisima kirefu, visima virefu | kilichochimbwa kwa mtambo | SI kisima cha kuchimba
yield    | wingi wa maji huu            | lita kwa saa              | SI mavuno
handpump | pampu ya mkono hii, hizi     | ya kuvutia maji           | SI bomba
pipe     | bomba hili, mabomba haya     | la kupitishia maji        | SI pampu
```

Safu ya mwisho ndiyo wageni huiruka, na ndiyo inayofanya kazi kubwa. Kwetu bomba ni la kupitishia maji, ni la kufungulia maji uani, na kwa watu wengi ni hata ile pampu ya mkono. Usipokataza waziwazi, chatboti nayo italitumia kwa vyote vitatu, na sentensi ya kubadilisha mpira wa pampu itamtuma fundi akafukue mtaro.

Upatanisho nao usiudharau. Mtu akigundua kosa mwishoni, hukimbilia kubadilisha bomba kuwa pampu faili zima kwa mkupuo. Anachopata ni "pampu hili limeharibika", tena yale mabomba halali nayo yamegeuzwa pampu. Ni nafuu kukirudia kipande kizima kukiwa na orodha sahihi.

Tuma kurasa mbili au tatu kwa wakati mmoja, na mistari inayohusu kipande hicho tu. Orodha nzima ikiambatana na kila kipande, chatboti huanza kuchomeka istilahi pasipohusika. `yield` ikiwa kitenzi, kwa mfano, inaweza isihusiane kabisa na lita kwa saa. Ndiyo maana ile safu ya maana ipo.

Kipande kikirudi, hesabu. Tafuta `borehole` kwenye asili; tuseme imetokea mara tisa. Kwenye tafsiri usitafute "kisima", maana "visima" itakupita, tafuta `isima`. Itakuletea na "pampu ilisimama", lakini hizo unaziruka kwa macho. Ukipata saba, tafuta sentensi mbili zilizobaki: huenda ni kiwakilishi tu, jambo ambalo ni sawa, au neno geni limeingia. Kisha tafuta kila neno la safu ya SI. Hapa ndipo makosa mengi hunaswa. "Bomba" na "pampu" tu ndiyo utakayoyasoma sentensi kwa sentensi, kwa sababu bomba ni halali kwenye mstari wa nne na pampu kwenye wa tatu.

Majina ya kisheria usiyatungie tafsiri wala usiiachie chatboti iyatunge. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, wanaoendesha mradi kijijini ni chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, CBWSO. Chatboti inaweza kukuandikia kamati ya maji, au jumuiya ya watumia maji, jina la zamani ambalo bado limejaa kwenye nyaraka nyingi. Nakili jina kama lilivyo kwenye waraka wa Kiswahili wa wizara, ulifunge kwenye orodha.

Kuna siku mhandisi ataisoma sura ya 4 na kusema mafundi wake hawasemi hivyo. Msikilize, badilisha mstari, na andika pembeni tarehe pamoja na sura ambazo zilishatafsiriwa kwa neno la zamani. Sura hizo zirekebishwe jioni hiyohiyo, kabla hujatuma kipande kingine.