Andika siku ya kuanza, si siku ya kuisha

Swali la wiki: "Je, mfanyabiashara mdogo anahitaji kalenda ya mwaka ya kodi, leseni na vibali?"

Tarehe zenyewe wengi wetu tunazijua. Awamu za kodi ya mapato ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, na leseni ya biashara inaisha miezi 12 tangu ilipotolewa. Kalenda ya ukutani haiongezi kitu hapo. Kinachotuumiza huku kusini ni kutojua kipi kinatangulia kipi, na hela ipo mwezi gani.

Shemeji yangu ana duka la vyakula Tandahimba. Leseni yake ilikuwa inaisha katikati ya Aprili, akaenda halmashauri ikiwa imebaki siku mbili. Akaambiwa alete kwanza kliaransi ya TRA, hati ya kuonyesha hadaiwi kodi. Kule TRA, makadirio ya kodi ya mwaka mpya alikuwa hajafanya, na awamu ya Machi imeshapita. Wakataka na mkataba wa pango. Pango ni laki moja kwa mwezi. Januari alikuwa amempa mwenye nyumba ya miezi sita, laki sita taslimu. Kumbe mpangaji wa biashara anatakiwa kukata asilimia 10, kodi ya zuio, na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Yaani 60,000 ziende serikalini kufikia 7 Februari, mwenye nyumba apokee 540,000. Mwenye nyumba alishapokea zote na hakutaka kusikia habari ya kurudisha. Shemeji akazilipa mwenyewe, pamoja na riba. Na huo ni Aprili: hela ya korosho imekwisha, wateja wanachukua unga na sukari kwa daftari. Akakopa. Leseni ikaisha kabla hajamaliza kuzunguka, akafunga duka kwa kuogopa ukaguzi, na wateja wa daftari wakahamia duka la jirani, deni lake wakaondoka nalo.

Nikilitazama upya, hata yeye kalenda ingemfaa, ila ianze nyuma. Leseni ya Aprili iandikwe Januari: makadirio. Siku ya kulipa pango iandikwe zuio. Mwanzoni mwa Machi alipe awamu, kisha aombe kliaransi, ndipo aingie kwenye mfumo wa mtandaoni wa Tausi kuhuisha leseni.

Halafu hela. Aliyekadiriwa 320,000 analipa 80,000 kila awamu. Minada ya korosho ikishalipa, Novemba au Desemba, atenge 240,000: ya Desemba hiyo, ya Machi na ya Juni. Ya Septemba ndiyo ngumu, inakuja msimu haujafunguka, na sina dawa yake zaidi ya kuweka kidogo kidogo tangu Julai.

Kwa hiyo ndiyo, iwepo, ingawa nasemea wenye maduka wanaotegemea korosho. Aliye Mtwara mjini anauza mwaka mzima, mpango wa hela haumbani hivyo. Mama lishe naye ana kupima afya kila miezi sita, na hiyo haifuati leseni wala korosho.